Mpambaji wa Bibi Harusi Anauza Saa Zake

Mtu anayetaka kuanza kazi ya kuwafuata mabibi harusi majumbani kwao na kuwafanyia mekapu hupeleka mtaji wake wote Kariakoo. Ananunua fondesheni za rangi zote, paleti, brashi, kope, taa ya duara na sanduku la magurudumu. Vitu hivyo vinahitajika, lakini hakuna anayefunga biashara hii kwa kukosa paleti. Inafungwa kwa sababu ya saa. Mpambaji amefika Kigamboni kwa kuchelewa, amekuta nyuso sita wakati aliambiwa ni nne, bibi harusi ameingia kanisani saa nzima baada ya padri au mchungaji kuwa tayari, na jioni ile pesa iliyobaki mkononi baada ya teksi haitoshi kumlipa msaidizi. Mwenye saluni ana kuta na mlango. Mteja akichelewa anayepata hasara ni mteja. Anayefuata wateja ana saa zake tu. Bei, nauli na mkataba vyote vinatoka humo, kwa hiyo nitaanza na ratiba.

Ratiba ya harusi hupangwa kwa kurudi nyuma. Anza na saa ambayo haiwezi kusogezwa, kisha toa kila kitu kinachoitangulia. Tuchukue harusi ya Jumamosi Dar es Salaam. Bibi harusi anatokea nyumbani kwa shangazi yake Kibada, Kigamboni, na ndoa ni saa 8:00 mchana katika kanisa la KKKT la Azania Front, pale Kivukoni. Mpambaji anaishi Sinza. Watakaopambwa ni bibi harusi, mama yake, matroni na wapambe watatu.

Ndoa ikiwa saa 8:00, msafara ufike kanisani saa 7:45, maana kushuka garini na kutandaza shela si kazi ya dakika mbili. Kutoka Kibada kupitia Daraja la Nyerere na Kurasini, Jumamosi mchana, tenga saa moja na robo. Hiyo ina maana magari yaondoke saa 6:30. Kabla ya hapo kuna robo saa ya kuingia kwenye magari, nusu saa ya picha na wazazi sebuleni, na nusu saa ya kuvaa gauni. Gauni lenye kamba nyingi mgongoni huchukua muda kuliko watu wanavyodhani, na anayejua kulifunga mara nyingi ni mtu mmoja tu aliyekwenda nalo dukani. Tumefika saa 5:15 asubuhi. Hapo ndipo brashi ya mwisho inapotakiwa kuwekwa chini.

Sasa hesabu nyuso. Uso wa bibi harusi, ukifanywa bila kukimbizana, unachukua saa moja na robo. Mama na matroni, dakika 45 kila mmoja. Wapambe, dakika 40 kila mmoja. Jumla ni saa nne na dakika 45 za mikono kufanya kazi, na bado hujahesabu dakika tano kati ya uso na uso za kufuta brashi, kunyunyiza spiriti na kubadilisha sponji. Ukiifanya peke yako, na ukitaka nusu saa ya akiba, lazima uwe umeanza uso wa kwanza kabla ya saa 12 asubuhi. Wapambe hawatakuwepo saa hiyo. Watakuwa bado wanasukwa.

Kwa hiyo harusi hii haifanyiki bila msaidizi, na hilo linajulikana siku mteja anapotaja idadi ya nyuso, wiki nyingi kabla. Kanuni ninayoiamini ni kwamba nyuso zikizidi nne, viti viwe viwili. Msaidizi anachukua wapambe watatu. Mpambaji anachukua matroni saa 1:50 mpaka 2:35, mama saa 2:40 mpaka 3:25, halafu bibi harusi saa 3:30 mpaka 4:45. Nusu saa inayobaki mpaka saa 5:15 ni ya akiba, na haiguswi. Ili uso wa kwanza uanze saa 1:50, mpambaji awe amefika saa 1:25 apange meza na taa, na awe ametoka Sinza saa 12:15 asubuhi.

Wapo wapambaji wanaompamba bibi harusi kwanza kabisa, wakiogopa asije akaminywa na ucheleweshaji wa wengine. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake si hiyo. Bibi harusi akimaliza saa 3 asubuhi, atakaa karibu saa tano katika joto la Dar es Salaam kabla ya kuingia kanisani. Katika saa hizo atakula, atakunywa, atakumbatiwa na kila shangazi, na pengine atalia. Isitoshe, nywele hutangulia uso. Msusi anatumia joto na dawa ya kupuliza, na vyote viwili vinaharibu poda iliyokwisha kutulia. Katika ratiba yetu, msusi anakuwa na bibi harusi tangu saa 1:50 mpaka 3:20, wakati mpambaji yuko na mama na matroni. Akiba ya nusu saa inamlinda bibi harusi kwa sababu iko baada yake. Na yule mpambe wa tatu, anayetoka saluni Mbagala, asiwekwe kwenye kiti kabla ya saa 4:00. Kiti cha msaidizi kitakuwa kitupu kwa muda, na utupu huo ndio utakaompokea mtu atakayechelewa.

Harusi ya Kiislamu ina saa zake nyingine. Nikaha mara nyingi inafungwa msikitini baada ya sala, na bibi harusi anasubiri nyumbani mpaka bwana harusi aje kumpa mkono. Anayepamba na asiulize habari ya sala anajiharibia ratiba mwenyewe, kwa sababu udhu unataka maji yafike kwenye ngozi, na fondesheni isiyopitisha maji inazuia jambo hilo. Nikaha ikiwa baada ya alasiri, muulize mapema bibi harusi kama atachukua udhu wa adhuhuri, aswali, kisha ndipo akae kwenye kiti. Wengi huulinda udhu huo mpaka waswali alasiri wakiwa wamekwisha pambwa. Rangi ya kucha nayo inazuia maji, hina haizuii. Maswali haya yaulizwe kwenye mazungumzo ya kwanza, yasingoje asubuhi ya harusi wakati adhana inasikika na wewe umeshika brashi.

Tukishapata saa, tunaweza kuzungumza pesa. Nauli ni mahali ambapo wapambaji wapya wanapoteza zaidi, kwa sababu wanahesabu teksi ya kwenda peke yake. Tuendelee na mfano wetu kwa bei za kudhania. Tuseme bibi harusi analipa shilingi 250,000 na nyuso nyingine tano 50,000 kila mmoja. Jumla ni 500,000. Msaidizi anapata 80,000. Vitu vinavyoisha, yaani kope, gundi, vipande vya sponji, poda na fondesheni iliyotumika, tuviweke 60,000. Inabaki 360,000. Teksi ya mtandao kutoka Sinza hadi Kibada na kurudi, pamoja na tozo ya daraja, iwe 80,000. Mpambaji ambaye hajatoza nauli anabaki na 280,000.

Gawanya sasa kwa saa. Ametoka nyumbani saa 12:15 asubuhi na amerudi saa 6:45 mchana, hizo ni saa sita na nusu. Ongeza saa mbili za siku ya majaribio na saa mbili za kuosha brashi na kufunga mizigo. Ni saa kumi na nusu za kazi. Amepata chini ya 27,000 kwa saa. Harusi hiyo hiyo ingekuwa Sinza, mtaani kwake, asingetumia saa mbili na dakika 25 za barabarani, na kila saa ingemlipa karibu 44,000. Anayedai pesa ya teksi tu amerudishiwa mafuta ya dereva, lakini saa zake za njiani amezitoa bure.

Kwa hiyo nauli ina sehemu mbili. Ya kwanza ni gharama halisi ya kwenda na kurudi na mizigo na msaidizi. Ya pili ni muda wa njiani. Kuutoza muda huo kwa bei kamili ya kazi kungeongeza zaidi ya 100,000 katika mfano wetu, na wateja wengi wangekwenda kutafuta mtu wa karibu. Wanaoweka nusu ya kiwango hicho wanakuwa na bei inayoelezeka: 80,000 ya usafiri na 50,000 ya muda, jumla 130,000 kwa Kibada. Iandikwe peke yake kwenye karatasi ya bei, isifichwe ndani ya bei ya uso. Mteja akiiona anaweza kuamua kuwapeleka mabinti kwa ndugu wa Kurasini wapambwe huko, na hilo ni jema kwa kila mtu.

Ili usikae ukipiga hesabu kwa kila simu, gawanya mji kwa muda na siyo kwa kilomita. Kilomita za Dar es Salaam hazisemi kitu. Mbezi ya Kimara na Mbezi Beach zinaweza kuwa na umbali usiotofautiana sana kwenye ramani na bado ukatumia asubuhi mbili tofauti kabisa kuzifikia. Mitaa unayoifikia ndani ya nusu saa alfajiri haina nauli. Inayochukua mpaka saa moja ina kiwango kimoja kisichobadilika. Inayozidi hapo, ukiwemo upande wa ng'ambo ya Kigamboni, ina kiwango cha juu zaidi. Nje ya mkoa huna kiwango, una hesabu maalumu, na kitu cha kwanza katika hesabu hiyo ni kitanda. Bagamoyo iko takriban kilomita 70 na inashawishi kuondoka alfajiri, lakini tairi moja likipasuka harusi imeharibika. Morogoro sasa inafikika kwa treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na hata hivyo mpambaji afike jioni ya kuamkia harusi, alale, na malazi yalipwe na mteja. Zanzibar ni vivyo hivyo, kwa boti ya siku iliyotangulia.

Vifurushi vitengenezwe kwa msingi huo huo wa muda. Majina ya dhahabu, almasi na malkia hayamwambii mteja kitu. Kinachomsaidia ni kujua mpambaji atakuwa naye kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na kwa nyuso ngapi. Nadhani vitatu vinatosha. Cha kwanza ni asubuhi peke yake: majaribio, uso wa bibi harusi, kope, na kijisanduku kidogo chenye lipstiki yake, karatasi za kunyonya mafuta na poda, kinachokabidhiwa matroni. Cha pili kinaongeza mpambaji kuongozana na msafara mpaka mwisho wa picha za baada ya kanisa, akifuta jasho na kurekebisha. Cha tatu ni cha siku nzima, pamoja na kubadilisha mwonekano kabla ya kuingia ukumbini.

Hicho cha tatu kinahitaji uangalifu, maana ndicho kinachouzwa kwa hasara mara nyingi. Katika harusi yetu, ibada inaisha kama saa 9:30 alasiri, picha ufukweni zinakwenda mpaka saa 11:30 jioni, na bibi harusi anafika kwenye chumba cha hoteli saa 11:45. Kubadilisha mwonekano si kupamba upya. Ni kusafisha eneo la macho, kuongeza rangi ya midomo na kubadili kope, na kunachukua dakika 45 mpaka saa moja. Kazi yenyewe ni fupi. Lakini kati ya saa 5:15 asubuhi na saa 11:45 jioni kuna saa sita na nusu ambazo mpambaji hawezi kuziuza kwa bibi harusi mwingine aliye mbali. Zitozwe. Na kifurushi kiseme wazi kwamba kazi inaisha bibi harusi anapoingia ukumbini, saa 1:30 usiku. Bila sentensi hiyo mpambaji atajikuta bado yupo mpaka keki inakatwa, na teksi ya usiku ina bei yake.

Nyuso za familia ziuzwe kwa idadi, nje ya kifurushi cha bibi harusi, na ziwe na kiwango cha chini kwa harusi za mbali. Kwenda Kibada kwa uso mmoja siku ya Jumamosi ya Desemba ni kukataa harusi nyingine mbili.

Kuhusu majaribio, yafanyike wiki mbili au tatu kabla, mchana, karibu na dirisha, na mpigie picha bibi harusi kwa kamera yenye flashi. Poda nyingi nyeupe zenye silika, na mafuta ya kujikinga na jua, hazionekani kwa macho lakini flashi ikizipiga uso unatoka kama umepakwa unga. Bora kuyagundua siku hiyo. Gundi ya kope ijaribiwe nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko na kusubiriwa siku moja au mbili, kwa kuwa ndiyo inayowasha watu wengi. Uliza pia, faraghani na kwa heshima, kama ametumia mkorogo karibuni. Ngozi iliyochubuliwa inauma kwa bidhaa ambazo kwa wengine hazina shida yoyote, na rangi yake inaweza kubadilika kati ya majaribio na harusi.

Mkataba ndio unaozifunga saa hizo zisitoroke. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, makubaliano ya mdomo nayo yanaweza kuwa mkataba, lakini kuyathibitisha baada ya harusi, watu wakiwa wamekasirika, ni kazi nzito. Karatasi mbili zinatosha, kwa Kiswahili, zisainiwe na wote wawili. Ulichoandikishwa BRELA kama jina la biashara ndicho kiandikwe juu, pamoja na namba yako ya mlipakodi, maana kamati nyingi zitadai risiti.

Jambo la kwanza katika mkataba ni nani analipa. Bibi harusi ndiye aliyekuchagua, ila pesa ziko kwa mhazini wa kamati, na michango inaingia kwa kusuasua. Andika jina la bibi harusi kama mteja na jina la mlipaji, na wote wawili wasaini. Kianzio cha asilimia 50 ndicho kinachoshika tarehe. Kabla hakijaingia kwenye simu yako, tarehe iko wazi kwa mwingine. Salio lilipwe siku tatu kabla ya harusi. Asubuhi ya harusi simu ya bibi harusi iko kwa mtu, mhazini yuko ukumbini anagombana na wenye vyakula, na wewe hutaki kuzungumza pesa na mtu unayemchora nyusi.

Kuhusu kianzio kutorudishwa, kuwa mwangalifu. Sheria inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya haki, hata pale ambapo wahusika waliandika kiasi fulani kama adhabu. Kiasi kilichoandikwa ni kikomo cha juu, hakina uhakika. Hivyo kipengele kinachosema pesa zote zimepotea hata mteja akighairi miezi sita kabla hakina nguvu kama kinavyoonekana. Panga kwa ngazi: akighairi zaidi ya siku 60 kabla, anarudishiwa sehemu kubwa, kati ya siku 60 na 30, nusu ya kianzio, chini ya siku 30, hakuna, kwa sababu huwezi tena kuipata harusi nyingine ya Jumamosi ile. Msiba uwe na kipengele chake. Harusi zetu husogezwa kwa msiba, na mtu aliyefiwa asisomewe ngazi za siku. Mruhusu ahamishe tarehe mara moja bila gharama, ikiwa tarehe mpya iko wazi.

Kipengele kinachofuata ni nyuso za ziada. Asubuhi ile atatokea wifi, atatokea mtoto anayebeba pete, atatokea jirani aliyesaidia kupika. Mkataba useme uso wa ziada unalipwa papo hapo kwa bei iliyotajwa, na unafanywa tu baada ya nyuso zote zilizoandikwa kumalizika na kama akiba ya muda bado ipo. Hapo unaweza kumwambia wifi kwa upole, "Samahani wifi, nikimaliza hawa walioandikwa nitakutazama," bila kuonekana una roho mbaya, kwa sababu bibi harusi mwenyewe amesaini.

Halafu ucheleweshaji, kwa pande zote mbili. Mteja akichelewesha kuanza kwa zaidi ya nusu saa, kila nusu saa inayofuata ina malipo, au nyuso za mwisho zinafanywa kwa ufupi. Mpambaji akichelewa, bei ipungue kwa kiwango kile kile. Mkataba unaomlinda mmoja tu mteja mwerevu hausaini, na ana haki.

Mahali pa kazi paelezwe: chumba chenye dirisha, meza moja, kiti kirefu kisicho na mikono, soketi, na feni au kiyoyozi. Luku iwe na umeme. Hilo linaonekana dogo mpaka feni izime saa 3 asubuhi na midomo ianze kutoa jasho juu ya praima. Picha nazo ziwe na sentensi yake. Bibi harusi anayevaa hijabu anaweza kukuruhusu umpige picha za kazi na asiruhusu uziweke Instagram. Ridhaa ya kupiga na ridhaa ya kutangaza ziwe na visanduku viwili tofauti vya kuweka alama, na asiyeweka alama amekataa.

Mwisho ni wewe mwenyewe kuugua. Taja kwa jina mpambaji wa akiba, mwenye kiwango chako, ambaye mteja ameziona kazi zake na kumkubali wakati wa kusaini. Huyo apelekewe picha za majaribio na orodha ya rangi zilizotumika usoni mara tu majaribio yanapomalizika, ili akipigiwa simu saa 10 alfajiri ajue ni fondesheni ipi achukue. Siku mbili kabla ya harusi, ratiba nzima yenye saa za kila uso itumwe kwa bibi harusi, matroni, msusi, mpiga picha na dereva, na kila mmoja ajibu kwamba ameiona. Asiyejibu apigiwe simu siku hiyo hiyo, na wa kwanza kupigiwa awe mpambe anayetoka Mbagala.